Nyenze, virukajani na virukashina Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na watu wenye miti uani na wenye vishamba pembezoni mwa mji, kuanzia Kisauni na Likoni hadi Mtwapa. Wanaoulizwa ni wadudu wa makundi matatu: nyenze wakubwa wanaolia mitini mchana, vidudu vyembamba vinavyoruka ukigusa jani, na vingine vinavyofanana navyo ambavyo hupenda kukaa kwenye bua na katika ala za majani. Hawa wawili wa mwisho watu wengi huwaita panzi wadogo. Humu wa majani tunamwita kirukajani na wa bua tunamwita kirukashina, ili tusiwachanganye.

## Mambo ya kwanza

Wadudu hawa wana uhusiano gani?

Wote ni wafyonzaji. Hakuna hata mmoja mwenye taya za kutafunia. Ukimgeuza utaona mrija mwembamba unaoanzia upande wa chini wa kichwa na kulala kifuani katikati ya miguu. Kwa mrija huo hutoboa bua, jani au mzizi na kunywa maji ya mmea. Kwa hiyo ukikuta jani limeliwa na kubaki mapengo, hawa hawahusiki. Tafuta panzi au kiwavi.

Hilo ndilo linalowatenga na panzi, hata pale umbo na mruko vinapofanana. Panzi ana kichwa kirefu cha wima, taya zinazoonekana, na miguu ya nyuma yenye paja nene lililopinda juu ya mgongo. Hawa wetu miguu yao ya nyuma hulala chini ya mwili, na ukiwatazama kwa juu huioni.

Nimemwona mdudu mmoja tu. Nianze kutazama nini?

Anza na mabawa yanavyokunjwa akiwa ametulia, kwa sababu hayo huonekana hata ukiwa mbali kidogo. Kisha tazama pale kipapasio kinapotokea ukilinganisha na jicho. Mwisho tazama muundi wa mguu wa nyuma. Mabawa hukupa dhana, jicho na kipapasio hutoa hukumu, na mguu huithibitisha. Wengi huishia kwenye mabawa, au mbaya zaidi kwenye rangi, na ndipo wanapokosea. Kirukajani na kirukashina wanaweza kuwa na rangi ile ile ya udongo kwenye bua moja.

Nitamtazamaje na ameruka kabla sijasogea?

Usimfukuze kwa mkono. Weka sinia jeupe chini ya tawi au chini ya bua, kisha ligonge tawi kwa ghafla. Wengine wataruka, lakini baadhi hubaki wameduwaa kwa muda mfupi. Wafunike kwa glasi, telezesha kadi ngumu chini yake, halafu waweke kwenye friji, si kwenye friza, kwa dakika tano hadi kumi. Baridi huwapumbaza bila kuwaua, na unapata muda wa kutosha kuwaangalia kabla hawajapata joto.

Lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi inatosha kwa karibu yote yaliyoelezwa hapa. Kama huna, piga picha kwa simu ukiwa karibu kadiri simu inavyokubali. Piga ya ubavuni na ya usoni. Picha ya mgongoni peke yake, ambayo ndiyo kila mtu hupiga, inaficha alama zote mbili za maana.

## Mabawa

Mabawa yanayokunjwa kama paa ni yapi?

Mdudu akitulia, mabawa ya mbele hukutana juu ya mgongo na kushuka kila upande kwa mteremko. Ukimtazama kwa nyuma unaona pembe, si ubapa. Nyenze, virukajani na virukashina wengi hukunja hivyo, na kwa alama hiyo wanajitenga na kunguni wa mimea, ambaye mabawa yake hulala bapa na kupishana hadi kuchora alama ya X mgongoni.

Kinachotofautiana ni mwinuko wa paa lenyewe. Kirukajani wa kawaida ana paa jembamba na refu linalobana mwili, kiasi kwamba mdudu mzima anaonekana kama kabari inayochongoka kuelekea nyuma. Nyenze ana paa pana, na mabawa hupita mbali ncha ya tumbo.

Je, nyenze wote wana mabawa ya kioo?

La. Wengi wana mabawa angavu yenye mishipa inayoonekana wazi, lakini katika Afrika lipo kundi kubwa la jenasi Platypleura ambao mabawa yao ya mbele yana mabaka ya kahawia, kijivu na kijani yanayofanana sana na gome. Akiwa ametulia kwenye shina la mwembe unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwake, ukasikia sauti inakujaa masikioni, na usimwone. Tafuta macho: yako mbali mbali, kila moja pembeni kabisa mwa kichwa kipana, na ndiyo yanayovunja ule mchoro wa gome.

Kuna kidudu cheupe au cha kijani kimesimamisha mabawa kama nondo. Ni nondo?

Huyu ndiye anayeulizwa zaidi na wenye bustani. Mara nyingi si nondo bali ni kirukashina wa familia ya Flatidae. Mabawa yake ni mapana, ya pembetatu, na paa lake limeinuka sana hadi pande mbili zinakaribia kugusana, kiasi kwamba ukimtazama kwa juu unaona mstari tu. Hukaa wengi kwa safu kwenye kijiti kimoja, wote wakielekea upande mmoja.

Watu husema, “nikimgusa vidole vinabaki na unga, kwa hiyo ni nondo.” Unga hautoshi. Wa nondo ni magamba ya mabawa, wa kirukashina huyu ni nta, na vyote hubaki kidoleni. Tazama mambo mawili mengine. Nondo ana vipapasio virefu vinavyotokea juu ya kichwa, ilhali huyu ana vifupi mno chini ya macho. Kisha tazama ukingo wa mbele wa bawa: wa kirukashina huyu umejaa vijishipa vifupi vinavyoukatiza kwa ukaribu kuanzia begani hadi karibu na ncha. Nondo hana mpangilio huo.

Watoto wake, yaani tunutu, hawana mabawa bali wana nyuzi za nta nyeupe nyuma ya tumbo. Wenye bustani huwachanganya na wale wadudu weupe wa unga wanaoganda kwenye muhogo na stafeli. Mguse kwa ncha ya kijiti: tunutu wa kirukashina ataruka, yule mwingine atabaki palepale.

Kwa nini mabawa pekee hayatoshi?

Sababu ni mbili. Kwanza, tunutu hawana mabawa kamili, na mara nyingi ndio wengi kwenye mmea. Pili, baadhi ya virukashina wana maumbo mawili katika spishi moja: wengine hukua na mabawa marefu ya kusafiria, wengine wanabaki na mabawa mafupi yanayoacha nusu ya tumbo wazi. Ukimkuta huyo wa mabawa mafupi utamdhania mtoto, kumbe anataga.

## Macho na vipapasio

Nyenze ana macho mangapi?

Matano. Mawili makubwa yako pembeni. Katikati ya utosi, kati ya hayo mawili, kuna vijicho vitatu vidogo vilivyopangwa kwa pembetatu, mara nyingi vikiwa vyekundu na vinavyong'aa. Kwa mdudu mkubwa wa kiasi hicho huhitaji lenzi. Mabawa mapana ya paa pamoja na vijicho vitatu vya utosini vinamaliza mjadala.

Nawezaje kutofautisha kirukajani na kirukashina kwa macho?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote katika ukurasa huu, kwa hiyo lichukulie nafasi.

Mgeuze mdudu akutazame ubavuni. Tafuta jicho kubwa, kisha tafuta kipapasio. Kwa kirukajani, kipapasio hutokea usoni, mbele ya macho au katikati yake. Shina lake ni dogo, halafu kinabaki unywele tu. Vijicho vyake vidogo, kama vipo, ni viwili, na viko utosini au kwenye ukingo wa mbele wa kichwa.

Kwa kirukashina, kipapasio kiko shavuni, chini ya jicho. Pingili yake ya pili imevimba na kuwa kijirungu, na unywele umechomoza kwenye ncha ya kijirungu hicho. Kwa lenzi ya mara kumi na mwanga wa pembeni utaona kijirungu kina chembechembe zilizoinuka, ambazo ni viungo vya kunusia. Vijicho vyake vidogo viko ubavuni, karibu na jicho kubwa na kipapasio, si utosini.

Alama hii inafaa kwa mkubwa na kwa tunutu, kwa mwenye mabawa marefu na kwa mwenye mafupi. Haitegemei rangi, wala haibadiliki mdudu akikauka.

Nimetumia lenzi na bado sioni vipapasio.

Karibu kila mara shida ni mwanga. Ukimulika kwa juu, kichwa hutupa kivuli juu ya shavu. Mwekee mdudu karatasi nyeupe chini, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni, usawa wa karatasi. Kijirungu cha kirukashina kitatokeza chini ya jicho. Kama shavu ni tupu na safi, geuka usoni: hapo ndipo unywele wa kirukajani ulipo.

## Miguu

Je, nyenze huruka kwa miguu?

Nyenze mkubwa hana miguu ya kurukia. Ukimshtua huondoka kwa mabawa, na mara nyingi hurusha majimaji anapoondoka. Hayo ni maji ya mti aliyoyanywa, hayana madhara. Basi mdudu aliyejirusha kwa miguu kutoka kwenye jani si nyenze, hata kama kichwa chake kinafanana.

Miguu ya kutazama kwa nyenze ni ya mbele, hasa kwenye yale maganda ya kahawia yaliyoshika mashina ya miti yakiwa yamepasuka mgongoni. Tunutu wa nyenze huishi ardhini akinyonya mizizi, na miguu yake ya mbele ni minene yenye meno ya kuchimbia. Akikomaa hupanda shina, hupasua gamba, hutoka na mabawa na kuliacha gamba hapo. Gamba tupu halimli mtu wala mti.

Miiba ya muundi wa nyuma inasemaje?

Inasema mengi, na inasomeka hata kwa mdudu aliyekufa siku nyingi. Kirukajani ana muundi mrefu uliopangwa miiba kwa safu kuanzia juu hadi chini. Kirukashina ana miiba michache pembeni ya muundi, kisha kundi la miiba kwenye ncha. Wale virukashina wadogo wa familia ya Delphacidae, ambao ndio wengi kwenye mahindi na nyasi, wana kitu cha ziada: kwenye ncha ya muundi kuna kipande kikubwa bapa kinachocheza, kinachofuata urefu wa wayo. Ukikiona hicho, huhitaji kuuliza zaidi.

Yuko pia mtoa povu, ambaye mkubwa wake ni mnene na huruka kwa nguvu. Muundi wake una mwiba mmoja au miwili minene pembeni na taji la miiba kwenye ncha. (Povu lenyewe limejibiwa katika sehemu ya mwisho.)

Kidudu kidogo hivyo kinawezaje kuruka mbali bila kupinduka?

Miguu miwili ya nyuma lazima isukume kwa pamoja, maana ukitangulia mmoja mdudu atazunguka hewani. Mwaka 2013 Malcolm Burrows na Gregory Sutton wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza jinsi tunutu wa kirukashina mmoja wa Ulaya, Issus, anavyolitatua jambo hilo. Kwenye mizizi ya miguu yake ya nyuma kuna safu za meno yanayoumana, gia kamili, kiasi kwamba mguu mmoja hauwezi kusogea bila mwenzake. Akijivua gamba la mwisho na kuwa mkubwa, gia hizo hazipo tena, lakini bado anaruka vizuri sana.

## Kwenye mahindi na bamia

Nimekuta vidudu vinavyoruka kwenye mahindi yangu. Ni vipi, na niogope?

Tuchukue shamba dogo nje ya mji, mahindi yamefika magotini mvua za masika zikiendelea. Majani kadhaa yana michirizi. Ukifungua moyo wa mmea unakuta vidudu vya urefu wa milimita tatu hivi. Wengine wako ndani kabisa, kati ya ala na bua, wamejazana pamoja na tunutu, na sisimizi wanapita juu yao. Wengine wako mmoja mmoja kwenye majani ya juu, na hutoweka ukiweka kivuli tu.

Wale wa ndani: mabawa ni angavu, yana doa la kahawia kuelekea ncha, na baadhi yao wana mabawa mafupi. Kipapasio kiko chini ya jicho, kijirungu kinaonekana. Kwenye ncha ya muundi kuna kipande bapa kinachocheza. Hao ni virukashina, na kwa mahindi anayefaa kudhaniwa kwanza ni Peregrinus maidis. Sisimizi wanafuata majimaji matamu anayoyatoa. Hutaga mayai ndani ya mshipa mkuu wa jani, kwa hiyo kuyasafisha majani kwa maji hakumalizi kizazi.

Wale wa juu: wembamba, wa manjano. Uso ukiwa mbele yako, unaona madoa mawili meusi ya mviringo kwenye ukingo wa kichwa kati ya macho. Shavu ni safi, muundi una safu za miiba. Hao ni virukajani wa jenasi Cicadulina, na Cicadulina mbila ndiye msambazaji mashuhuri wa ugonjwa wa michirizi ya mahindi.

Sasa rudi kwenye michirizi. Ya ugonjwa huo ni myembamba, ya njano iliyopauka, imekatikakatika, na imefuata mishipa ya jani kwa urefu. Majani yaliyokua kabla ya maambukizi hubaki safi, na kila jani jipya hutoka na michirizi. Ukiona mpaka huo kati ya majani ya chini na ya juu, mshuku yule mwembamba wa juu, japo yule wa ndani ndiye aliye wengi. Peregrinus naye hueneza virusi vya mahindi, lakini si hivi.

Kwa hiyo kila Cicadulina ninayemwona ameleta ugonjwa?

Hapana, na jibu hili lilipatikana si mbali na sisi. H. H. Storey, akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alionyesha miaka ya 1930 kwamba ndani ya Cicadulina mbila wapo wanaoweza kusambaza virusi na wasioweza, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Kisha akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba wale wasioweza, nao wakaanza kusambaza. Kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo.

Kwa mkulima maana yake ni hii: lenzi inakuambia mdudu ni wa aina gani, haikuambii kama amebeba virusi. Kinachokuambia ni majani mapya. Virusi hivi havipiti kwenye mbegu wala kwa kugusana kwa majani. Hupelekwa na mdudu, ambaye mara nyingi hutoka kwenye nyasi za jirani zinapokauka. Mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga ndio unaopata hasara kubwa, hivyo ng'oa wenye michirizi mapema, usiache nyasi ndefu pembeni, na msimu ujao tafuta mbegu inayovumilia ugonjwa huo. Kunyunyizia dawa baada ya kuona michirizi hakuuponyi mmea ulioambukizwa.

Kingo za majani ya bamia zinageuka njano kisha nyekundu, na chini kuna vidudu vya kijani vinavyokwenda kando kando.

Hao ni virukajani. Mwendo wa ubavu, na ile tabia ya kuzunguka upande wa pili wa jani au bua ukisogea, ni ya kawaida kwao. Kuungua kwa kingo kunatokana na ufyonzaji wao, si ukosefu wa mbolea. Geuza jani polepole na uhesabu tunutu kabla hawajahama. Jani la njano lisilo na hata mmoja chini yake lina sababu nyingine.

## Wanaochanganywa na visa vya pembeni

Anayelia usiku ndani ya nyumba ni nyenze yule yule wa mtini?

Si yule. Jina mara nyingi hupewa wote wawili, lakini wa usiku ana vipapasio virefu kuliko mwili, taya za kutafunia na miguu mikubwa ya kurukia, na hulia kwa kusuguanisha mabawa. Wa mtini hulia kwa viwambo viwili vilivyo ubavuni mwa tumbo, karibu na kifua, na anayelia ni dume. Virukajani na virukashina nao huitana, ila kwa mitetemo inayopita ndani ya bua, na sikio letu haliipati.

Povu jeupe kwenye kijiti ni mate ya nini?

Ndani yake kuna tunutu wa mtoa povu. Hulitengeneza kwa majimaji yake mwenyewe, nalo humkinga na jua na maadui. Lipanguse taratibu utamkuta. Wakiwa wengi juu ya mti mmoja hudondosha maji hadi chini kukalowa siku isiyo na mvua.

Mwiba umeruka kutoka kwenye tawi. Inawezekana?

Inawezekana. Ni mdudu wa familia ya Membracidae. Ngao ya kifua chake imekua kuelekea nyuma ikafunika mgongo, wakati mwingine na pembe mbili juu ya mabega. Ni jamaa wa karibu wa virukajani, na vipapasio vyake ni vya usoni, si vya shavuni. Ngao hiyo inayopita juu ya mabawa ndiyo alama yake.

Nzi weupe wa muhogo je?

Hupeperuka kwa mabawa ukitikisa mmea, hawajirushi kwa miguu, na kwa lenzi vipapasio vyao ni virefu vyenye pingili kadhaa, si unywele.

Nimempata ambaye alama zake hazipatani. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha si tunutu, maana mwiba au kipande bapa cha muundi kinaweza kuwa bado kidogo. Alama zikipingana, fuata kipapasio. Kisha mweke kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70 pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe na mmea aliokutwa. Wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti. Jina la mmea ni muhimu sawa na mdudu mwenyewe, kwa sababu wengi wa hawa hawali kila kitu, na mtaalamu atakayemtazama ataanzia hapo.